Mkopo wa kwanza: jinsi ya kusoma riba, ada na muda kabla ya kusaini

Anayekopa kwa mara ya kwanza huwa na swali moja tu: "Riba yenu ni ngapi?" Akiambiwa asilimia mbili kwa mwezi, anazidisha mara kumi na mbili kichwani, anapata ishirini na nne kwa mwaka, anaona inabebeka, anasaini. Nimekaa miaka kadhaa nikiwasaidia watu kusoma mikataba yao ya mikopo, na wengi waliokuja wakisema wameibiwa hawakuwa wameibiwa. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Walichokosa ni kuuliza hizo asilimia mbili zinakatwa kwenye kiasi gani cha pesa, na ni kipi kingine kinakatwa pembeni.

Tuchukue mkopo mmoja tu, tukae nao kuanzia siku ya kuomba hadi siku ya kuumaliza. Tarakimu ziweke katika sarafu unayotumia wewe, hesabu haibadiliki.

Fundi cherehani anataka kununua mashine ya pili. Bei yake ni 120,000, na hicho ndicho kiasi anachoomba. Karatasi anayopewa ina mistari sita:

Mkopo: 120,000
Muda: miezi 12
Riba: 2% kwa mwezi
Ada ya kushughulikia mkopo: 3%
Bima ya mkopo: 1%
Rejesho la kila mwezi: 12,400

Chukua kalamu.

Hatua ya 1: Andika kiasi kitakachofika mkononi

Usianze na riba. Anza na ada, kwa sababu mara nyingi zinakatwa kabla hujaiona hela. Ada ya kushughulikia, asilimia 3 ya 120,000, ni 3,600. Bima, asilimia 1, ni 1,200. Jumla 4,800. Fundi wetu ataandikiwa deni la 120,000, lakini kitakachoingia kwenye akaunti yake ni 115,200.

Hapo ndipo shida ya kwanza inapojitokeza, na inajitokeza dukani. Anafika kununua mashine ya 120,000 akiwa na pungufu ya 4,800. Nimeona watu wakiziba pengo hilo kwa kukopa kwa jirani au kwa mkopo wa haraka wa simu, kisha wanaanza maisha ya mkopo wa kwanza wakiwa tayari na mikopo miwili.

Kuna njia mbili za kulikwepa. Ya kwanza ni kulipa ada kutoka mfukoni ili mkopo uje mzima. Uliza kama inaruhusiwa. Ya pili ni kuomba kiasi kikubwa zaidi ili baada ya makato kibaki unachohitaji. Gawanya bei kwa kile kinachobaki baada ya makato: 120,000 gawanya kwa 0.96 ni 125,000. Asilimia 4 ya 125,000 ni 5,000, kwa hiyo zinabaki 120,000 kamili. Ila ukumbuke kwamba riba sasa itahesabiwa kwenye 125,000. Kwa maoni yangu, kama unazo hizo 4,800, zilipe mwenyewe.

Uliza pia kama kuna akiba ya lazima. Baadhi ya wakopeshaji hushikilia sehemu ya mkopo kama akiba hadi umalize kulipa. Ni hela yako, lakini huigusi, na huku unailipia riba. Itoe nayo kwenye hesabu ya kilichofika mkononi.

Hatua ya 2: Andika jumla utakayorudisha

Hii ni fupi. Rejesho zidisha idadi ya miezi: 12,400 mara 12 ni 148,800.

Sasa toa kilichofika mkononi: 148,800 kutoa 115,200 ni 33,600. Hiyo ndiyo bei ya mkopo huu. Kati ya hizo, 28,800 ni riba na 4,800 ni ada. Ukilinganisha wakopeshaji wawili kwa mkopo wa kiasi kilekile na muda uleule, linganisha tarakimu hii. Mmoja anaweza kutangaza riba ya chini na kuifidia kwenye ada. Mwingine hatozi ada yoyote lakini riba yake iko juu. Ukifika kwenye bei, maneno hayo yote yanageuka kuwa namba moja.

Hatua ya 3: Uliza riba inakatwa kwenye nini

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye uzito.

Riba inaweza kukatwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza, inahesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, bila kujali umeshalipa kiasi gani. Nitaiita riba isiyopungua. Namna ya pili, inahesabiwa kwenye salio, yaani deni lililobaki tu. Kadiri unavyolipa ndivyo riba inavyoshuka. Hiyo ni riba inayopungua. Zote mbili zinaweza kuandikwa "2% kwa mwezi," na zote mbili zitakuwa za kweli.

Mkopo wa fundi wetu ni wa namna ya kwanza. Kila mwezi analipa 10,000 za kupunguza deni na 2,400 za riba, ambayo ni asilimia 2 ya 120,000. Mwezi wa kwanza hakuna la kulalamikia: anadaiwa 120,000 kweli, na asilimia 2 yake ni 2,400. Sasa ruka hadi mwezi wa kumi na mbili. Ameshalipa 110,000 za deni. Kilichobaki ni 10,000 tu. Lakini riba ya mwezi huo bado ni 2,400. Analipa 2,400 kwa kukaa na 10,000 ya mwenye mali kwa mwezi mmoja, na hiyo ni asilimia 24 kwa mwezi ule, si 2.

Mkopo huohuo ukihesabiwa kwa salio linalopungua, unaonekana hivi:

Mwezi wa 1: analipa 11,347, riba 2,400, deni linashuka kwa 8,947, salio 111,053
Mwezi wa 2: analipa 11,347, riba 2,221, deni linashuka kwa 9,126, salio 101,927
Mwezi wa 3: analipa 11,347, riba 2,039, deni linashuka kwa 9,309, salio 92,618

Angalia safu ya riba inavyoshuka, na kiasi kinachopunguza deni kinavyopanda, huku rejesho likibaki lilelile. Mwezi wa mwisho riba inakuwa kama 222 tu. Jumla ya riba kwa mwaka mzima ni karibu 16,166. Kwenye mkopo wa kwanza ilikuwa 28,800. Mkopo mmoja, muda mmoja, "asilimia mbili kwa mwezi" moja, na tofauti ya zaidi ya 12,600.

Utajuaje uko kwenye upi? Omba ratiba ya marejesho kabla ya kusaini, ile yenye safu ya riba na safu ya deni zikiwa mbalimbali. Kama riba ni ileile kila mwezi, ni riba isiyopungua. Kama inashuka, inapungua. Afisa akikupa ratiba yenye rejesho tu bila mchanganuo, fanya jaribio hili mwenyewe: zidisha mkopo kwa riba kwa idadi ya miezi, jumlisha na mkopo, gawanya kwa miezi. Kwa fundi wetu: 120,000 mara 2% mara 12 ni 28,800, ukijumlisha na 120,000 ni 148,800, ukigawanya kwa 12 ni 12,400. Limelingana na rejesho lililoandikwa kwenye karatasi, kwa hiyo riba haipungui. Rejesho likitokea chini ya hapo, kuna uwezekano mkubwa ni la salio linalopungua.

Swali la kumuuliza afisa, kwa maneno haya haya: "Riba hii inahesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo au kwenye salio?" Afisa anayejua kazi yake atakujibu kwa sentensi moja. Akizungukazunguka, rudi kwenye jaribio.

Hatua ya 4: Tafuta riba halisi

Hatua hii ni ya wenye simu au kompyuta yenye programu ya majedwali. Kama huna, hatua ya 2 inakutosha kulinganisha mikopo ya muda mmoja. Lakini ukitaka kulinganisha mkopo wa miezi 6 na wa miezi 18, bei peke yake haitoshi, unahitaji asilimia halisi.

Fungua jedwali jipya, bonyeza kisanduku chochote kitupu, uandike:

```
=RATE(12,-12400,115200)*12
```

Namba ya kwanza ni idadi ya marejesho. Ya pili ni rejesho, likiwa na alama ya kutoa kwa sababu ni hela inayotoka kwako. Ya tatu ni kile kilichofika mkononi, baada ya makato, si kile kilichoandikwa kwenye mkataba. Kosa ninaloliona sana ni kuweka 120,000 hapo, na ada zote zinapotea kwenye hesabu. Kwenye simu nyingine alama ya kutenganisha ni nukta-mkato badala ya mkato. Jedwali likikataa, badilisha.

Jibu ni takriban 0.50, yaani asilimia 50 kwa mwaka. Fundi aliambiwa 2% kwa mwezi, akahesabu 24% kwa mwaka, na anachobeba ni asilimia 50. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokana na riba isiyopungua, na iliyobaki imetokana na ada kukatwa mwanzoni.

Sisemi mkopo huo usichukuliwe. Kama mashine ya pili itamwingizia faida ya 20,000 kwa mwezi, rejesho la 12,400 linalipika na mwaka ukiisha mashine ni yake. Kama itamwingizia 9,000, hata riba ya nusu ya hiyo itamtesa. Asilimia halisi inakuonyesha mzigo. Uwezo wa kuubeba uko kwenye kazi utakayoifanya na hela hiyo.

Hatua ya 5: Chagua muda kwa kuangalia mwezi wako mbaya

Afisa akiona unasita kwenye 12,400, atakuambia, "Tukuongezee muda, rejesho lishuke." Ni kweli litashuka. Mkopo uleule kwa miezi 24 rejesho lake ni 7,400. Lakini riba sasa inakuwa 2,400 mara 24, yaani 57,600. Umepunguziwa 5,000 kwa mwezi, na riba imekuwa mara mbili. Kwa salio linalopungua pia riba inaongezeka, kutoka 16,166 hadi karibu 32,270.

Ukienda upande wa pili, miezi 6, riba ni 14,400 tu, lakini rejesho linapanda hadi 22,400.

Basi muda unaofaa ni upi? Mfupi kuliko yote ambao mwezi wako mbaya unaweza kuubeba. Sisemi mwezi wa kawaida. Fundi wetu aandike mapato yake ya miezi 12 iliyopita, atoe matumizi ya nyumbani na ya kazi, kisha aangalie mitatu iliyomwachia kidogo kuliko yote. Tuseme mwezi mbaya kabisa ulimwachia 13,000. Rejesho la 12,400 linaingia, kwa shida. La 22,400 haliingii, hata kama miezi mizuri inamwachia 30,000. Na asiingize kwenye hesabu hii faida ya mashine mpya. Mashine bado haijaanza kushona, na mteja wa kwanza anaweza kuchelewa.

Jambo dogo lenye uzito: tarehe. Ukilipwa tarehe 5 na rejesho ni tarehe 2, utakuwa unachelewa kila mwezi bila kuwa na tatizo la hela. Omba tarehe iwe siku tatu au nne baada ya hela yako kuingia. Kabla ya kusaini hilo mara nyingi linawezekana. Baada ya kusaini ni barua na foleni.

Ukipewa mwezi au miezi miwili ya kusubiri kabla ya kuanza kulipa, uliza kama riba inaendelea kuhesabiwa katika kipindi hicho. Mara nyingi inaendelea.

Hatua ya 6: Soma kipengele cha faini kabla hakijakuhusu

Watu hukiruka kwa sababu hakuna anayekopa akiwa na nia ya kuchelewa. Tafuta mambo mawili ndani yake.

La kwanza ni faini inakatwa kwenye nini. Swali lilelile la riba. Tuseme ni 5%. Ikikatwa kwenye rejesho lililochelewa, ni 620. Ikikatwa kwenye salio lote, na fundi amechelewa rejesho la pili wakati deni ni 110,000, ni 5,500. Neno moja kwenye mkataba, "rejesho" au "salio," ndilo linaloleta tofauti hiyo.

La pili ni mpangilio wa malipo: hela ukiileta, inalipa nini kwanza? Mikataba mingi inaanza na faini, kisha ada, kisha riba, na deni lenyewe mwisho. Hii inamnasa mtu hivi. Fundi amechelewa siku chache, amepigwa faini ya 620, hajaambiwa. Analeta 12,400 kama kawaida, anapewa risiti, anarudi nyumbani akijua yuko sawa. Mfumo umechukua 620 za faini, zikabaki 11,780 kwenye rejesho. Sasa anaonekana amepungukiwa 620, na upungufu huo nao unaanza kuhesabiwa umechelewa. Nilimwona mama mmoja aliyekuwa analipa kila mwezi bila kukosa, risiti zote anazo kwenye mfuko wa nailoni, na bado kwenye vitabu alikuwa na madeni ya nyuma ya miezi saba. Yote yalianzia kwenye siku nne za kuchelewa.

Dawa yake ni kuomba taarifa ya mkopo mara tu baada ya kuchelewa, hata ukichelewa siku moja, na kulipa rejesho pamoja na faini yote kwa pamoja. Ukijua mapema kwamba utachelewa, nenda kabla ya tarehe. Makubaliano mapya ya tarehe yaandikwe. Ya mdomo hayaonekani kwenye mfumo.

Hapohapo uliza kuhusu kumaliza mapema. Fundi akipata hela nyingi mwezi wa sita, deni lililobaki ni 60,000. Kwenye riba isiyopungua, mkopeshaji mmoja atasema leta 60,000 na riba ya mwezi huu. Mwingine atadai na riba ya miezi sita ambayo haijafika, 14,400, na hapo kulipa mapema hakumwokolei hata senti moja. Wengine wana ada maalumu ya kumaliza kabla ya wakati. Jibu liwe kwenye mkataba, si kwenye kauli ya afisa ambaye huenda mwezi wa sita amehamishwa.

Hatua ya 7: Siku ya kusaini, na siku ya kumaliza

Siku ya kusaini, linganisha mkataba na karatasi uliyopewa mwanzo, mstari kwa mstari. Kama kuna ada ambayo haikuwepo, mfano ya fomu, ya kukagua dhamana au ya kutoa hela, irudishe kwenye hatua ya 1 na uhesabu upya hapohapo. Usione haya kuwakalisha watu dakika kumi. Ondoka na nakala iliyosainiwa na pande zote pamoja na ratiba ya marejesho. Kama una mdhamini, naye apewe nakala, maana ukishindwa yeye ndiye atakayegongewa mlango.

Hela ikiingia, angalia kiasi. Kama si 115,200 ulizotarajia, uliza siku hiyohiyo, kabla hujazitumia.

Rejesho la kumi na mbili likishalipwa, usiishie kwenye risiti. Omba taarifa ya mwisho inayoonyesha salio ni sifuri. Salio la 35 au 90 lililosahaulika kwa sababu ya kukadiria tarakimu linaweza kukaa kwenye mfumo likikusanya faini, na likaja kukuzuia unapoomba mkopo mwingine. Kisha omba barua ya kuthibitisha kwamba mkopo umelipwa wote, na urudishiwe hati yoyote uliyoiweka dhamana, mkononi mwako, siku hiyo au kwa tarehe iliyoandikwa. Barua hiyo iweke pamoja na mkataba na risiti zote kumi na mbili.